Hashtagi za chaneli ya kwaya: pana, za kwetu, na za kuazima

Kwaya nyingi za parokia siku hizi zina chaneli YouTube. Wimbo umerekodiwa vizuri, sauti nne zimekaa mahali pake, kinanda kimetulia. Ukishuka kwenye maelezo ya video unakuta mrundo: #gospel #jesus #love #viral #trending #dabi #habari, na nyingine kumi za namna hiyo. Aliyeziandika hakuwa na nia mbaya. Alitaka wimbo ufike mbali, na mtu alimwambia hashtagi nyingi ndiyo njia. Ninaandika kwa ajili ya huyo, yule kijana wa kwaya aliyekabidhiwa simu na nywila ya chaneli. Mfano wangu ni kwaya ya Kikatoliki kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa karibu, lakini mwenye chaneli ya darsa au ya usharika wa Kilutheri ataona mahali pa kubadilisha maneno.

Tuanze na kazi yenyewe ya hashtagi, ambayo wengine huiita alama ya reli. Ilianza Twitter tarehe 23 Agosti 2007, Chris Messina alipopendekeza watu waweke alama hiyo mbele ya jina la mkutano, #barcamp, ili wanaozungumzia jambo moja waonane. Hadi leo kazi yake ni hiyo hiyo, kukusanya vitu vya jambo moja mahali pamoja. YouTube inazisoma hashtagi zilizo kwenye kichwa cha video au kwenye maelezo. Kama kwenye kichwa hakuna, huchukua zisizozidi tatu kutoka kwenye maelezo na kuzionyesha karibu na kichwa. Mtu akigusa mojawapo anafunguliwa ukurasa wenye video nyingine zilizobeba hashtagi hiyo hiyo. Basi. Hashtagi haiibebi video kuipeleka kwa watu wasioitafuta. Kichwa cha video, picha ya jalada, na muda ambao watu wanabaki wakitazama vina nguvu kubwa kuliko hashtagi zote utakazoandika.

Nalisema hili mapema kwa sababu ukiliamini, hofu ya kuacha hashtagi inaisha. YouTube yenyewe inaeleza kwamba kadiri unavyozirundika ndivyo kila moja inavyopungua maana, na video ikipitisha hashtagi 60 mfumo unazipuuza zote, pamoja na zile nzuri. Instagram nao walishauri mwaka 2021 kwamba tatu hadi tano zinatosha, wakati huo kikomo chao kikiwa 30.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani anayeihitaji video hii, na anaandika nini akiitafuta.

Kwa kwaya ya Kikatoliki jibu liko wazi kuliko chaneli nyingi za dini, maana ibada ina kalenda na kila wimbo una mahali pake katika Misa. Mtazamaji wako wa kwanza ni mwalimu wa kwaya wa parokia nyingine. Ni Jumanne jioni, mazoezi ni kesho, na bado hajapata wimbo wa komunyo wa Dominika ijayo. Hatafuti «gospel». Anatafuta wimbo wa komunyo wa Kwaresima, na akiwa makini anataka unaoendana na Injili ya siku hiyo. Mtazamaji wa pili ni muumini aliyeusikia wimbo kanisani na anaukumbuka nusu mstari. Wa tatu ni Mtanzania au Mkenya aliye mbali, Muscat au Minneapolis, anayetaka kusikia Misa ya Kiswahili ikiimbwa kama nyumbani. Watu watatu hao hawafanani, na hashtagi moja haiwatoshi wote, lakini nne au tano zinawatosha.

Hashtagi pana ni ile inayotaja uwanja mzima: #Kwaya, #NyimboZaKikatoliki, #Kwaresima. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba upana ni idadi ya video tu. #gospel ina video nyingi mno, lakini nyingi ni za Kiingereza, kutoka Marekani na Nigeria, na aliyeigusa anatarajia hizo. Wimbo wako wa Kiswahili wenye sauti nne ukitokea hapo anaupita. Lugha ya hashtagi ndiyo inayochagua hadhira kabla ya kitu kingine chochote. #Lent inaita dunia ya Kiingereza, #Kwaresima inaita watu wetu. Kwangu mimi hashtagi pana inayofaa ni ile pana zaidi iliyo bado ndani ya Kiswahili, na moja inatosha. Ya Kiingereza naiona ina haki mahali pamoja tu: pale unapoandika #SwahiliMass au #SwahiliChoir kwa ajili ya wageni wanaopenda kweli kusikia Misa ya Kiswahili. Hao wapo, na hawana njia nyingine ya kukupata.

Ukiandika kwa Kiswahili bado kuna mtego, nao huonekana tu ukifungua ukurasa wa hashtagi kabla ya kuitumia. Unaandika kwenye kivinjari hivi:

```
youtube.com/hashtag/sadaka
```

Sisi tukisema sadaka tunafikiria nyimbo za matoleo. Lakini Waislamu wanalitumia neno hilo hilo kwa sadaka wanazotoa, na Waturuki nao wana neno sadaka kwa tahajia ile ile na maana hiyo ya Kiislamu. Anayegusa #Sadaka anaweza kuwa Istanbul akitaka kusikia juu ya kusaidia maskini. Pasaka nayo ina yake: kwa Kilithuania na Kilatvia, «pasaka» ni hadithi ya kusimuliwa watoto, kwa hiyo #Pasaka peke yake imechangamana na katuni na hadithi za kulalia. Dawa ni kuunganisha neno na mahali pake: #WimboWaSadaka, #NyimboZaPasaka. Neno moja likiongezwa, Waturuki na Walithuania wanabaki kwao.

Mfano wa hapa hapa nyumbani ni #Mfungo. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu imeangukia 18 Februari, siku zile zile Ramadhani inapoanza. Wakristo na Waislamu wote wana mfungo, na neno ni la wote. Hakuna anayemwibia mwenzake, ila Mwislamu aliyegusa #Mfungo akitafuta mawaidha ya Ramadhani hana haja na wimbo wako wa komunyo, wala Mkatoliki hana haja na ratiba ya futari. Andika #Kwaresima, naye mwenye darsa aandike #Ramadhani, kila mtu atapata alichokuja kukitafuta.

Tukishuka kwenye hashtagi za kwetu, yaani za jumuiya ndogo inayojijua, hapa ndipo kwaya inapofaidi hasa. Mpangilio wa Misa unakupa maneno yaliyo tayari: mwanzo, wimbo wa katikati, shangilio, matoleo, komunyo, shukrani. Mwaka wa liturujia unakupa mengine. Masomo ya Dominika yanazunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na mwaka unaogawanyika kwa tatu bila baki ndio mwaka C. 2025 ulikuwa C, kwa hiyo 2026 ni A na 2027 ni B, ukikumbuka kwamba kila mmoja huanza na Majilio ya mwaka uliotangulia. Hashtagi kama #KwaresimaMwakaA haitaleta umati. Lakini anayeiandika ni mwalimu wa kwaya, katekista au padre, na huyo akifika anasikiliza wimbo mpaka mwisho, anaurudia, na anawatumia wanakwaya kwenye kundi la WhatsApp. Isitoshe, inarudi na uhai kila baada ya miaka mitatu, tofauti na #Kwaresima2026 ambayo baada ya Pasaka imekwisha kazi. Mimi huweka mwaka wa kalenda kwenye video za tukio tu: upadirisho, jubilei ya parokia, uzinduzi wa albamu.

Kisha kuna jina la kwaya yenyewe. Hapa kuna tatizo ambalo watu wa kwaya wanalijua vizuri: Mtakatifu Sesilia ndiye msimamizi wa wanamuziki, na kwaya zenye jina lake hazihesabiki. Hashtagi #KwayaSesilia ni ya wote, maana yake si ya yeyote. Jina la kwaya lifuatwe na la parokia au mtaa, liandikwe hivyo hivyo kwenye kila video, mwaka hadi mwaka, na wanakwaya wote waambiwe ndiyo hiyo moja. Tahajia iamuliwe siku ya kwanza, Sesilia au Cesilia au Cecilia, isije nusu ya video ikakaa ukurasa mmoja na nusu ukurasa mwingine.

Alama za uandishi nazo zinaharibu mambo kimyakimya. Kwenye mitandao mingi hashtagi inaishia pale inapokuta nafasi, nukta, kistari au kibainishi. Mazoea yetu ya kufupisha Mtakatifu kwa nukta, na ya kuandika Qur'ani kwa kibainishi, yanatoa matokeo haya:

```
#KwayaMt.Sesilia   ->  #KwayaMt
#Qur'ani           ->  #Qur
#Kwaya ya Vijana   ->  #Kwaya
```

Ukishapandisha video, iangalie kwa simu nyingine. Sehemu ya hashtagi inayofanya kazi huwa na rangi ya buluu. Kama rangi imekatika katikati ya neno, hapo ndipo ilipoishia. Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi ukurasa unaofunguka, lakini #NyimboZaKikatoliki inasomeka kuliko #nyimbozakikatoliki, na programu zinazowasomea wasioona huyatenganisha maneno vizuri zaidi zikiona herufi kubwa.

Kuhusu tahajia mbili, watu huandika Kwaresima na Kwaresma, komunyo na komunio. Usizijaze zote kama hashtagi. YouTube ina sehemu nyingine ndani ya Studio, ya lebo zisizoonekana na mtazamaji, yenye nafasi ya herufi 500. Mtandao wenyewe unasema lebo hizo hazina uzito mkubwa katika kupatikana kwa video, isipokuwa zinasaidia pale ambapo neno huandikwa kwa makosa au kwa namna tofauti. Tahajia za pili ziende huko. Wengine huzimwaga kama orodha ndefu ndani ya maelezo. Hilo sera ya YouTube inalikataza, na video inaweza kuondolewa.

Sasa hashtagi za kuazima. Sera za YouTube zinataja waziwazi kwamba hashtagi zisizohusiana na video zinaweza kuifanya iondolewe. Lakini kwa chaneli ya dini adhabu ya mtandao ni jambo dogo. Hashtagi ni ahadi. Aliyegusa jina la kitu amekuja kukitafuta kitu hicho, na akikuta kingine amedanganywa, tena kwa jina la kanisa.

Zilizo rahisi kuziona ni za dabi ya Simba na Yanga, za uchaguzi, za habari iliyovuma leo. Hizo sina haja ya kuzieleza. Ngumu ni zile za karibu na nyumbani. Chukua #Muujiza na #Uponyaji. Anayezigusa mara nyingi ana mgonjwa ndani, au ni mgonjwa mwenyewe, na anatafuta maombezi. Kumletea wimbo wa matoleo kwa sababu hashtagi hizo zina watu wengi ni kumchezea mtu aliye katika shida. Kama padre wenu amefanya ibada ya kuwaombea wagonjwa na ndiyo iliyo kwenye video, itaje. La sivyo ziache. #Sabato nayo ni ya Waadventista, wana kwaya zao nyingi na nzuri, na wanaoitafuta wanazitaka hizo. Kuna pia #Mubashara kwenye Misa iliyorekodiwa wiki iliyopita: mgonjwa aliyelala kitandani anayetaka kushiriki Misa ya leo ataitikia sala za Dominika iliyopita.

Majina ya watu na kwaya maarufu yanahitaji kufikiriwa zaidi. Ukiimba wimbo uliotungwa na mwalimu fulani, jina lake lazima liwe kwenye maelezo, mtunzi na haki yake. Kuliweka kama hashtagi pia ni halali, kwa sababu anayemtafuta mtunzi huyo atafurahi kusikia kazi yake ikiimbwa na kwaya nyingine. Lakini jina la kwaya maarufu iliyourekodi wimbo huo kwanza mimi siliweki kama hashtagi. Anayeligusa anataka sauti zile anazozijua. Andika kwenye maelezo, kwa sentensi kamili, kwamba wimbo ulirekodiwa kwanza na kwaya ile na sasa unaimbwa na yenu. Hapo hujaficha kitu wala hujajipachika kwenye ukurasa wa wenyewe.

Na kuna siku za msiba. Papa Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo kwaya nyingi zilikuwa na nyimbo za mkesha na za Pasaka zikisubiri kupandishwa. Hashtagi yenye jina lake ilikuwa na macho ya dunia nzima. Kwaya iliyoimba katika Misa ya kumwombea parokiani kwao ilikuwa na haki ya kuitumia, kwani Misa ile ilikuwa yake. Wimbo wa furaha ya ufufuko uliorekodiwa wiki tatu kabla haukuwa na haki hiyo, hata kama wote ni Wakatoliki na wote wanampenda Papa. Kipimo changu ni kimoja: weka kando kichwa na maelezo, itazame na kuisikiliza video yenyewe, halafu uliza kama kitu kilichotajwa na hashtagi kimo ndani yake.

Kipimo hicho hakifungi mlango wa hashtagi za pamoja. Zaburi ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima, mwaka A, ni ya 51. Mkiimba wimbo wa katikati kutoka Zaburi hiyo, #Zaburi51 ni yenu kihalali kabisa, na Mlutheri, Mwanglikana na Mmoraviani wanaoigusa watakuta kweli Zaburi ya 51. Kwa maoni yangu hizi ndizo hashtagi bora ambazo chaneli za dini hazizitumii vya kutosha: zinavuka mipaka ya dhehebu bila kumdanganya mtu.

Tuweke yote pamoja kwa wimbo mmoja. Kwaya ina wimbo wa komunyo kwa maneno ya Mathayo 4:4, mtu hataishi kwa mkate tu. Injili ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima mwaka A ni Mathayo 4:1-11, kwa hiyo wimbo una mahali pake pa uhakika, Dominika ya 22 Februari 2026. Kichwa cha video kibebe mstari wa kwanza wa wimbo, kwa ajili ya yule aliyeukumbuka nusu, kisha kazi yake: wimbo wa komunyo, Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Kichwa kisiwe na hashtagi, kimeshabeba vya kutosha. Maelezo yaanze na mtunzi, kwaya, parokia na andiko, kwa sentensi za kawaida. Mwishoni:

```
#WimboWaKomunyo #KwaresimaMwakaA #Mathayo4
#NyimboZaKikatoliki #JinaLaKwayaNaParokia
```

Mbili za kwanza ni za mwalimu wa kwaya. Ya tatu ni ya yeyote anayesoma sura hiyo, wa dhehebu lolote. Ya nne ndiyo pana, moja tu. Ya mwisho ni ya kwaya, na itakaa kwenye kila video. Video ipande wiki mbili au tatu kabla ya Dominika yenyewe, kwani ikipanda Jumamosi usiku mwalimu uliyemlenga ameshachagua wimbo mwingine na kuufundisha.

Baada ya mwezi, fungua takwimu za video ndani ya YouTube Studio na uangalie sehemu ya vyanzo vya watazamaji. Kuna mstari wa waliotoka kwenye kurasa za hashtagi na mwingine wa waliotoka kwenye utafutaji, pamoja na maneno waliyoandika. Usishangae wa hashtagi wakiwa wachache. Kinachokuambia kama umechagua vizuri ni muda waliobaki. Kama wengi waliofika kwa njia hiyo wanaondoka kabla beti la kwanza halijaisha, huku waliotoka kwenye utafutaji wakibaki, hashtagi mojawapo inaleta watu wasio wako. Ishara nyingine ni maoni kwa lugha usiyoitambua, au mtu anayeuliza kitu kisichohusu wimbo. Ondoa hashtagi moja unayoishuku, subiri wiki kadhaa, tazama tena. Ukibadilisha tano kwa pamoja hutajua ni ipi iliyokuwa na shida.

Video za zamani nazo zinaweza kusafishwa. Kuhariri maelezo hakubadilishi kiungo cha video wala hakufuti idadi ya waliotazama. Anza na zile zenye hashtagi za habari zilizokwisha kupita na majina ya watu wasiokuwemo, kisha weka jina la kwaya kwa tahajia mliyokubaliana. Chaneli yenye video themanini inamalizwa na wanakwaya wawili kwa jioni chache, mmoja akisoma na mwingine akiandika.